Tracert yangu: hopu ya 4 ina 560, hopu ya 5 nyota tupu. Nani ananicheleweshea mfumo usiku?

#1 Karatasi_Ngamiani, saa 3:42 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nina duka la vifaa vya ofisi na huduma za kuchapa hapa Ngamiani, Barabara ya 14. Mauzo na stoo naviingiza kwenye mfumo ambao seva yake iko Dar, maana mwenzangu yuko Kariakoo na anaangalia mzigo akiwa huko huko. Mchana mfumo unafunguka bila tabu. Ikifika saa mbili usiku, wakati wa kufunga hesabu, kila ukurasa unazunguka mpaka natamani nirudi kwenye daftari.

Nimepiga simu huduma kwa wateja mara tatu. Mara zote tatu jibu ni zima ruta, subiri kidogo, washa. Nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea.

Kijana mmoja mteja wangu kanifundisha kuendesha tracert, amri inayoorodhesha kila hopu, yaani kila ruta inayopitiwa njiani hadi Dar, na muda wa majibu yake. Nimechomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, situmii waifai. Anwani za watu nimezibadilisha, namba za muda sijazigusa:

```
C:\>tracert -d 198.51.100.20

 1     1 ms     2 ms     1 ms  192.168.88.1
 2   348 ms   412 ms   371 ms  100.64.12.1
 3   355 ms   390 ms   402 ms  10.40.3.9
 4   560 ms     *      533 ms  203.0.113.17
 5     *        *        *     Request timed out.
 6   377 ms   401 ms     *     203.0.113.90
 7   369 ms   420 ms   395 ms  198.51.100.20
```

Mimi si mtu wa mitandao, ila hata mimi naona hopu ya 4 ina shida na ya 5 imekufa kabisa. Nataka kujua hizo ni za nani ili niwapigie wao. Nisaidieni.

#2 Mzee_wa_Kebo, saa 3:55 usiku

Dada umeona vizuri. Hopu ya 4 imezidiwa, ya 5 inadondosha kila kitu, na ya 6 nayo imeanza kudondosha, si unaona nyota? Huo ni upotevu wa paketi. Nimevuta nyaya mji huu tangu enzi za kupiga simu kuingia intaneti, naijua dalili hii. Piga picha hiyo skrini, watumie, waambie ruta yao yenye namba 203.0.113.17 ibadilishwe. Wakikataa, hama.

#3 Dogo_Bagamoyo, saa 4:01 usiku

Dada, bando lako la megabiti ngapi? Mimi huku Bagamoyo kipimo cha spidi kinanipa megabiti 30 usiku na mchana. Ongeza bando tu, mambo yatakaa sawa.

#4 Karatasi_Ngamiani, saa 4:06 usiku

Mdogo wangu, sijauliza spidi. Ukurasa wenyewe ni mistari kumi ya maandishi na jedwali. Nauliza kwa nini mchana unakuja mara moja na usiku unakawia.

#5 Fundi_Raskazone, saa 4:30 usiku

Dada Karatasi, usimpigie mtu bado. Mzee wa Kebo namheshimu, ila hapa amekamata mwizi asiye mwizi.

Anza kusoma kutoka chini, usianzie juu. Mstari wa 7 ndio seva yako ya Dar. Imejibu mara tatu kwa tatu, kwa 369, 420 na 395. Kama hopu ya 5 ingekuwa inadondosha kila kitu, hizo paketi tatu zilifikaje Dar na kurudi? Zimepita hapo hapo. Na kama hopu ya 4 ingekuwa inaongeza muda mpaka 560, hopu ya 7 iliyo mbele yake ingepataje 369? Aliyekawia Segera hawezi kufika Dar kabla ya muda aliotoka Segera.

Kinachotokea ni hiki. Ruta ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupitisha paketi za watu, na hiyo inafanywa na saketi maalumu, haraka sana, bila kufikiri. Ya pili ni kukujibu wewe unapoiuliza "wewe nani?", na hiyo inafanywa na kichwa chake kidogo chenye shughuli nyingine nyingi. Traceroute inatuma paketi yenye TTL ya 1, TTL ikiwa ni namba inayopunguzwa moja na kila ruta inayopitiwa; ikiisha, ruta ya kwanza inaitupa na kukutumia taarifa kwamba imeitupa. Halafu inatuma yenye TTL ya 2, na kuendelea hivyo. Hizo taarifa ndizo zinazopimwa muda. Ruta ikiwa bize, au ikiwa imewekewa kiwango cha majibu kwa sekunde, inajibu kwa kuchelewa au haijibu kabisa, huku magari yanapita kama kawaida.

Chukulia askari wa barabarani pale njia panda ya Segera. Mabasi ya Arusha na ya Dar anayapitisha kwa mkono, fasta. Ukimsimamisha kumuuliza saa, atakujibu akipata nafasi, au atakupuuza. Kuchelewa kwake kukujibu hakukuambii chochote kuhusu foleni.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia mimi ni moja: muda ulioongezeka kwenye hopu fulani una maana pale tu unapobebwa na hopu zote zinazofuata mpaka mwisho. Ukipanda na kushuka, achana nao. Rudi kwenye matokeo yako uangalie wapi muda ulipanda na haukushuka tena. Ni kati ya mstari wa 1 na wa 2. Kutoka 1 kwenda 350 na ushee, na kuanzia hapo hadi Dar hakuna aliyeongeza cha maana. Kilomita zote za barabara hadi Dar zimekula kama milisekunde ishirini, na hatua ya kwanza kutoka dukani kwako imekula mia tatu hamsini.

Naomba kesho mchana, mfumo ukiwa mzuri, uendeshe amri ile ile na utuwekee. Bila ya kulinganisha nayo nabahatisha.

#6 Mzee_wa_Kebo, saa 4:48 usiku

Fundi, sikatai, lakini usimfundishe mtu kupuuza nyota. Mwaka jana nilikuwa na mteja Muheza, nyota zilikuwa hopu ya 5 kama hivi hivi na tatizo lilikuwa hapo hapo hopu ya 5.

#7 Fundi_Raskazone, saa 4:57 usiku

Mzee, huyo wa Muheza baada ya hopu ya 5 zilifuata namba au nyota mpaka mwisho?

#8 Mzee_wa_Kebo, saa 5:03 usiku

Nyota mpaka 30.

#9 Fundi_Raskazone, saa 5:05 usiku

Basi tunakubaliana. Nyota zisizokoma ni jambo jingine. Nyota za katikati zikifuatiwa na namba ni ruta bubu tu.

Na ile nyota moja ya hopu ya 6, tracert inatuma paketi tatu tu kwa kila hopu, huwezi kuhesabu upotevu kwa paketi tatu. Ukitaka kuhesabu, pakua programu ya WinMTR, iache ipige mia moja au mia mbili, halafu angalia asilimia ya mstari wa mwisho kwanza. Ikiwa mwisho ni sifuri, asilimia 60 ya katikati ni ruta inayobania majibu.

#10 Karatasi_Ngamiani, kesho yake saa 6:20 mchana

Nimerudi. Hii ya sasa hivi, mfumo uko mwepesi:

```
 1     1 ms     1 ms     1 ms  192.168.88.1
 2    14 ms    12 ms    15 ms  100.64.12.1
 3    13 ms    14 ms    13 ms  10.40.3.9
 4   187 ms   211 ms   178 ms  203.0.113.17
 5     *        *        *     Request timed out.
 6    22 ms    21 ms    22 ms  203.0.113.90
 7    23 ms    22 ms    24 ms  198.51.100.20
```

Kweli aisee. Hopu ya 4 ni mbovu hata mchana na ya 5 ni nyota hata mchana, na mfumo unapaa. Ningewapigia watu wasio na kosa.

#11 Mzee_wa_Kebo, saa 6:41 mchana

Hapo nimeelewa. Lakini basi jibu limepatikana: hopu ya 2 ni ya kampuni ya intaneti, usiku inapanda kutoka 14 hadi 350. Mnara wao umejaa wateja. Nilisema ni wao, nimekosea chumba tu, nyumba ni ile ile.

#12 Fundi_Raskazone, saa 7:15 mchana

Mzee, hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza hapo miaka.

Namba iliyoandikwa kwenye mstari wa 2 haipimi kifaa cha mstari wa 2. Inapima kila kilichotokea tangu paketi ilipotoka kwenye kompyuta ya dada, ikaingia ruta yake, ikasubiri zamu ya kutoka, ikasafiri hewani hadi kwenye mnara, jibu likatengenezwa, likasubiri zamu ya kurudi, likasafiri kurudi. Foleni inaweza kuwa upande wa mnara, sawa. Inaweza vile vile kuwa ndani ya kiboksi cha dada mwenyewe, mlangoni pa kutokea. Mstari wa 1 hautaionyesha, kwa sababu ruta inapojibu yenyewe jibu linarudi upande wa ndani, halipiti mlango ule wenye foleni.

Dada, mkataba wako wa kupandisha data ni megabiti ngapi? Si wa kushusha.

#13 Karatasi_Ngamiani, saa 7:22 mchana

Kushusha 10, kupandisha 2.

#14 Fundi_Raskazone, saa 7:40 mchana

Basi hesabu ni nyepesi. Paketi iliyojaa ina baiti 1500, yaani biti 12,000. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, paketi moja inachukua milisekunde 6 kutoka mlangoni. Ukiwa na paketi 58 kwenye foleni mbele yako, unasubiri milisekunde 348 kabla paketi yako ndogo ya kufungua ukurasa haijatoka. Paketi 58 ni kitu gani? Hazifiki hata kilobaiti 90. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko hiyo. Ruta hizi zinatunza foleni ndefu bila kudondosha, kwa nia njema kabisa, na matokeo yake ni kama unayoyaona. Spidi inaonekana ipo, kusubiri kumezidi.

Kuna dalili nyingine kwenye matokeo yako ya usiku: 348, 412, 371. Namba zinarukaruka. Foleni ndivyo ilivyo, inajaa na kupungua. Umbali haurukiruki.

Sijasema ni wewe. Nasema tupime. Leo usiku mfumo ukianza kukawia, chomoa kila kitu kwenye ruta isipokuwa kompyuta yako. Waifai zima. Endesha tracert. Ikibaki 350, foleni iko kwao na Mzee wa Kebo atakunywa chai kwa pesa yangu. Ikishuka, rudisha kimoja kimoja.

#15 Mhasibu_Tabata, saa 8:05 mchana

Wakuu naomba nidandie uzi, yangu inafanana. Niko Dar, seva iko Dar, yaani ningeweza kuifuata kwa bodaboda. Lakini:

```
 4    16 ms    15 ms    17 ms  10.12.0.5
 5    17 ms    18 ms    16 ms  203.0.113.41
 6   171 ms   172 ms   171 ms  198.51.100.1
 7   172 ms   171 ms   173 ms  198.51.100.77
```

Kwa kanuni ya Fundi muda umepanda hopu ya 6 na umebaki juu. Kwa hiyo hopu ya 6 ina foleni?

#16 Binti_Chumbageni, saa 8:31 mchana

Salaam wote. Nimekuwa nasoma kimya, kazi yangu ni chumba cha uangalizi wa mtandao, sitasema wapi.

Kaka Mhasibu, yako haifanani na ya dada wa Ngamiani. Tazama 171, 172, 171. Zimetulia kama maji ya mtungini. Fundi kasema foleni inarukaruka, basi hizi si foleni, ni umbali. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia zinakugharimu milisekunde 1 kwenda na kurudi. Umeongezewa milisekunde 155 hivi. Hiyo ni njia ya maelfu ya kilomita. Paketi zako zinavuka bahari na kurudi, kwa kebo zile zinazotua Dar kama SEACOM au EASSy, ili kufika mtaa wa pili.

Hutokea pale mtoa huduma wako na yule anayehifadhi seva hawakutani humu nchini. TIX ya Dar ipo kwa ajili hiyo hiyo, wabadilishane mizigo nyumbani, lakini kuunganishwa TIX ni kitu kimoja na kutangaza njia zako zote pale ni kitu kingine.

#17 Fundi_Raskazone, saa 8:50 mchana

Naunga mkono. Hopu ya 6 iko Ulaya, hiyo haina ubishi.

#18 Mhasibu_Tabata, saa 8:58 mchana

Nimeendesha bila -d ili nione majina. Jina la hopu ya 6 lina herufi "dar" katikati.

#19 Fundi_Raskazone, saa 9:04 alasiri

Majina yanaandikwa na watu na yanasahauliwa na watu. Nimewahi kuona ruta iliyohamishwa mji miaka miwili na jina lake bado ni la mji wa zamani.

#20 Binti_Chumbageni, saa 9:20 alasiri

Kaka Fundi, hapa nitapingana nawe kidogo. Jina linaweza kuwa kweli. Traceroute inakuonyesha njia ya kwenda tu. Muda unaousoma ni wa kwenda na kurudi, na kurudi kunaweza kupita pengine kabisa, hopu zake huzioni hata moja. Paketi ya Mhasibu inaweza kuwa inakwenda moja kwa moja hadi ruta ya Dar, na ile ruta ikitaka kumjibu, jedwali lake la njia linasema mtu huyu anapatikana kupitia Ulaya. Kwenye skrini inaonekana ile ile: hopu ya 6 imepanda, na zote baada yake zimepanda, kwa sababu zote zinarudi kwa mlango mmoja.

Kaka Mhasibu, fanya `ping` kwenye hiyo seva, utuambie TTL unayoiona kwenye jibu.

#21 Mhasibu_Tabata, saa 9:27 alasiri

TTL=49. Seva ni Linux.

#22 Binti_Chumbageni, saa 9:41 alasiri

Linux kwa kawaida inaanza na 64. Imefika ikiwa 49, maana yake imepita ruta 15 njiani kurudi. Kwenda unahesabu ruta 6 kabla ya seva. Sita kwenda, kumi na tano kurudi. Si ushahidi wa mahakamani, kuna ruta zinazojificha zisihesabike upande wowote, lakini mimi naegemea kurudi. Kumaliza ubishi, mwombe mwenye seva aendeshe traceroute kuja kwako. Ikionyesha Ulaya, basi wa kurekebisha ni upande wa seva, na malalamiko kwa mtoa huduma wako peke yake hayatakufikisha mbali.

#23 Fundi_Raskazone, saa 9:50 alasiri

Nimekubali kwa shingo upande. Hiyo ya TTL ya ping nilikuwa naiona kila siku bila kuitumia.

#24 Karatasi_Ngamiani, saa 3:25 usiku

Wakuu, keti mkao wa kula.

Saa mbili na robo mfumo ukaanza kulala. Tracert: hopu ya 2 ni 366, 402, 359. Nikachomoa kila kitu. Tracert: hopu ya 2 ni 14, 16, 13. Nilipiga kelele mpaka jirani muuza mihogo akaja kuniuliza kuna nini.

Nikarudisha kimoja kimoja. Printa, hakuna kitu. Kompyuta ya wateja, hakuna kitu. Simu za waifai, ikafika 30 na kushuka. Kile kiboksi cha kurekodi kamera za ulinzi: 370!

Kiboksi alikifunga shemeji yangu mwezi wa pili. Nimempigia, anasema "ee, nilikiweka kitume nakala ya video nje kila siku saa mbili usiku, duka linapofungwa." Duka langu linafungwa saa nne. La kwake ndilo linalofungwa saa mbili.

#25 Mzee_wa_Kebo, saa 3:31 usiku

Hahaha! Tanga bwana. Mnara wa watu umetukanwa siku mbili, mwizi kalala sebuleni.

#26 Fundi_Raskazone, saa 3:50 usiku

Pole dada, na hongera. Anwani ya ruta yako inafanana na ya MikroTik. Kama ndiyo, usikizime kiboksi, kifungie kiasi. Kama anwani yake ni .50, weka hivi:

```
/queue simple add name=kamera target=192.168.88.50/32 max-limit=800k/2M
```

Namba ya kwanza ni ya kupandisha. Kamera zitapata kilobiti 800, wewe zitakubaki zaidi ya elfu moja. Kiboksi kipe anwani isiyobadilika, la sivyo siku ikibadilika amri hii itamfunga mtu mwingine. Na mwambie shemeji asogeze nakala hadi saa saba usiku. Itachukua muda mrefu zaidi kumaliza, lakini nani anajali.

#27 Dogo_Bagamoyo, saa 4:10 usiku

Samahani kwa ile ya bando. Na mimi nina swali la kweli sasa. Kuna tovuti ya kuombea chuo, tracert inafika hopu ya 9 halafu nyota mpaka 30. Kwa maelezo ya #9 nyota zisizokoma ni mbaya. Lakini tovuti inafunguka!

#28 Mzee_wa_Kebo, saa 4:14 usiku

Seva imekufa hiyo, unaona nakala iliyohifadhiwa kwenye kivinjari.

#29 Dogo_Bagamoyo, saa 4:16 usiku

Mzee nimeingia na kubadili namba ya simu, ikahifadhi.

#30 Binti_Chumbageni, saa 4:35 usiku

Haijafa. Tracert ya Windows inatuma paketi za aina ile ile ya ping, na seva nyingi za namna hiyo zina fayawoli inayozitupa kimya kimya. Mlango wa 443, ule wa tovuti, uko wazi. Umegonga dirisha, halifunguliwi, ukasema nyumba haina watu.

Nyota mpaka mwisho zinakuambia jambo moja tu: baada ya hopu ya 9 hakuna anayejibu aina hii ya swali. Uliza kwa aina wanayoikubali. Ukiwa na Linux:

```
sudo traceroute -n -T -p 443 203.0.113.200
```

Kwenye Windows tracert haiwezi hilo, ila PowerShell itakuambia angalau kama mlango unafunguka:

```
Test-NetConnection 203.0.113.200 -Port 443
```

Ikija `TcpTestSucceeded : True`, achana na nyota. Ikija `False`, na jirani yako wa mtandao mwingine anaingia vizuri, hapo ndipo hopu ya 9 inakuwa na thamani: angalau unajua paketi ilifika hadi pale ikiwa hai, na unaanza kuuliza kuanzia pale kwenda mbele. Usiseme "hopu ya 9 imekufa". Hopu ya 9 ndiyo ya mwisho kukujibu, yaani ndiyo uliyonayo uhakika.

#31 Mzee_wa_Kebo, saa 4:44 usiku

Na yule wangu wa Muheza alikuwa wa aina gani? Hakuna kilichofunguka kwake, na fundi wa kampuni alikuja akabadilisha kitu hopu ya 5.

#32 Binti_Chumbageni, saa 4:52 usiku

Yeye kwa sababu hakuna kilichofunguka, zilikuwa nyota za kweli. Lakini hopu ya mwisho kuonekana ilikuwa ya 4, sivyo? Tatizo linaweza kuwa kwenye ya 5, kwenye waya wa kati ya 4 na 5, au ya 5 ilikuwa inapokea vizuri ila haijui njia ya kurudi kwa mteja wako. Kwa traceroute ya upande mmoja hizo tatu hazitofautiani. Alibadilisha nini?

#33 Mzee_wa_Kebo, saa 4:55 usiku

Hakusema. Alikunywa maji akaondoka.

#34 Karatasi_Ngamiani, siku nne baadaye, saa 3:10 usiku

Wakuu mrejesho. Amri ya Fundi nimeiweka, kijana wangu kanisaidia. Hopu ya 2 usiku sasa ni 16 hadi 25, na mfumo unafunguka kama mchana. Hesabu nafunga kwa dakika ishirini.

Ila jana, Jumamosi, saa tatu usiku ilipanda ikawa 61, 74, 58, na kamera zilikuwa hazitumi kitu. Nimechomoa vyote kama mlivyonifunza, ikabaki 60 na kitu. Saa tano ikashuka yenyewe.

#35 Mzee_wa_Kebo, saa 3:14 usiku

MNARA! Nilisema nini?

#36 Fundi_Raskazone, saa 3:33 usiku

Hapo Mzee ana haki ya nusu kikombe. Umechomoa vyote na imebaki, inarukaruka, ni hopu ya 2, ni Jumamosi usiku. Inanukia foleni upande wao. Dada, endesha WinMTR Jumamosi ijayo paketi 200 ukiwa umechomoa vyote, na nyingine Jumanne saa ile ile. Ukiwatumia hizo mbili pamoja hawataweza kukuambia zima ruta washa.

#37 Karatasi_Ngamiani, saa 3:36 usiku

Wataniambia tu. Lakini nitawatumia.

#38 Mhasibu_Tabata, saa 4:02 usiku

Na mimi mwenye seva kanijibu leo. Kasema traceroute kutoka kwake kuja kwangu inafika hopu ya 3 halafu nyota mpaka 30. Binti, hiyo nayo naisomaje?

#39 Binti_Chumbageni, saa 4:20 usiku

Itabidi aendeshe ya TCP, kama ile ya -T niliyompa Dogo, na wewe utafute mlango wa kufungua upande wako ili ijibu. Mwambie pia asome muda wa hopu yake ya 3 akutumie. Ikiwa tayari ni mia na kitu, hatuhitaji nyingine.

#40 Mhasibu_Tabata, saa 4:24 usiku

Hakunitumia muda, katuma maneno tu. Nitamfuata kesho. Kwa bodaboda.